Waranti inaisha lini hasa? Maswali ya mpangaji wa matengenezo mbele ya faili la mashine

Haya ni maswali ninayoulizwa na wapangaji wa matengenezo wanaokabidhiwa kabati la mafaili na kuambiwa, "Tunataka kujua mashine zipi bado zina waranti, tulidai nini, na wauzaji walijibu nini." Mifano mingi nimeitoa kwenye kiwanda cha samaki cha Mwanza nilikofanya kazi, hasa kwenye kompresa moja ya amonia iliyotufundisha kwa gharama.

Faili la waranti linapaswa kuwa na nini ndani?

Karatasi ya waranti peke yake haitoshi, na mara nyingi ndiyo yenye taarifa chache kuliko zote. Tarehe unazozihitaji zimetawanyika. Masharti yako kwenye mkataba au oda ya manunuzi. Tarehe ya kupakiwa melini iko kwenye hati ya shehena, ambayo kwa kawaida inakaa uhasibu au kwa wakala wa forodha. Siku mzigo ulipofika iko kwenye delivari noti, na siku mashine ilipowashwa rasmi iko kwenye cheti alichosaini fundi wa muuzaji. Kasoro ziko kwenye jobu kadi za mafundi wetu. Madai na majibu yako kwenye barua pepe, na siku hizi kwenye simu za watu.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kunakili chochote, pita uhasibu na stoo kwanza. Kwa kompresa yetu, faili la matengenezo lilikuwa na kila kitu isipokuwa hati ya shehena, na hiyo ndiyo iliyokuja kuamua mambo.

Waranti inaanza kuhesabiwa lini?

Inategemea sentensi moja, nayo usiikisie. Katika mikataba mingi ya mashine kubwa utakuta vipindi viwili vinavyokimbia pamoja: miezi 12 tangu tukio fulani la huku kwetu, na miezi 18 tangu mzigo ulipopakiwa, kisha yanafuata maneno "chochote kitakachotangulia kuisha". Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za manunuzi ya bidhaa zimeandikwa hivyo: miezi 12 baada ya bidhaa kufikishwa na kukubaliwa mwisho wa safari, au miezi 18 tangu kusafirishwa kutoka bandari ya nchi ilikotoka, na kinachotangulia kuisha ndicho kinachohesabika. Wauzaji binafsi huandika kitu kinachofanana na hicho, ila wengi hutumia siku ya kuwashwa rasmi badala ya siku ya kupokelewa.

Kipindi cha miezi 18 ndicho kinachowaumiza watu wa huku. Meli inachukua wiki, kontena linakaa bandarini, lori linapanda hadi Mwanza, halafu jengo halijakamilika na mashine inakaa imefunikwa turubai miezi mitano. Muda wote huo waranti inaliwa.

Tazama kompresa yetu:

- Ilipakiwa melini: 14 Februari 2023
- Ilifika kiwandani: 2 Mei 2023
- Iliwashwa rasmi: 20 Oktoba 2023

Fundi wa muuzaji alipoiwasha alibandika stika kwenye paneli iliyosomeka "Waranti: 20/10/2024". Sisi tukainakili stika ile. Lakini mkataba ulisema miezi 12 tangu kuwashwa au miezi 18 tangu kupakiwa, chochote kitakachotangulia. Miezi 18 kutoka 14 Februari 2023 inaangukia 14 Agosti 2024. Stika ilitudanganya kwa zaidi ya miezi miwili, na aliyeibandika wala hakuwa na nia mbaya. Aliijua tarehe yake tu.

Ndiyo maana katika jedwali lako usiwe na safu moja ya "mwisho wa waranti" iliyojazwa kwa mkono. Weka tarehe za matukio kila moja kwenye safu yake, weka sentensi ya mkataba neno kwa neno, halafu mwisho wa waranti uhesabiwe.

Naitafutaje hiyo sentensi kwenye mkataba wa kurasa 80 ulioandikwa Kiingereza?

Kama faili linakubali kutafutwa, bonyeza `Ctrl+F` na uanze na `whichever`. Neno hilo hukufikisha haraka kuliko `warranty`, ambalo linaweza kutokea mara hamsini. Ukilikosa, jaribu `defects liability`, `shipment` na `commissioning`. Soma aya nzima, kisha soma na masharti maalumu yaliyo nyuma, maana hayo ndiyo yanayobadilisha masharti ya jumla. Nimewahi kuona mkataba ambao mbele ulisema miezi 12 na kwenye masharti maalumu miezi 24. Anayeishia mbele anajinyima mwaka mzima.

Ukiwa hapo hapo, nakili mambo mengine mawili: orodha ya vitu visivyohusika, na namna ya kutoa taarifa ya kasoro, yaani kwa nani, kwa njia gani, ndani ya siku ngapi. Tutayarudia chini.

Fomula ya kuhesabu ni ipi?

Tuseme safu ya D ni tarehe ya kupakiwa na E ni tarehe ya kuwashwa rasmi:

```
=IF(E2="",EDATE(D2,18),MIN(EDATE(D2,18),EDATE(E2,12)))
```

Ile `IF` ya mwanzo usiiache. Mashine ambayo haijawashwa ina chumba kitupu kwenye safu ya E, na Eksel inakichukulia chumba kitupu kama sifuri, kwa hiyo `MIN` itakurudishia tarehe ya mwaka 1900. Ukipanga jedwali kwa tarehe, mashine mpya kabisa zitaonekana kuwa zimeisha waranti zaidi ya karne moja iliyopita. Inachekesha mpaka pale meneja anapoipokea ripoti.

Usiivute fomula hii ishuke hadi chini bila kuangalia. Inafaa mashine zenye sharti hilo tu. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na safu ya sentensi ya mkataba pembeni yake.

Jenereta langu limeandikwa "miezi 12 au saa 2,000". Nifanyeje?

Hapo kalenda haitoshi, unahitaji mita ya saa. Chukua jenereta lililowashwa rasmi 10 Januari 2024. Kwa kalenda, waranti ni mpaka 10 Januari 2025. Tarehe 1 Juni 2024 mita inasoma saa 1,287. Zimepita siku 143, kwa hiyo limekuwa likifanya kazi wastani wa saa 9 kwa siku. Zimebaki saa 713, ambazo kwa mwendo huo ni siku 79 hivi. Waranti inaisha karibu na 19 Agosti 2024, karibu miezi mitano kabla ya tarehe iliyo kwenye karatasi.

Ikiwa F ni usomaji wa mita, G ni wastani wa saa kwa siku na H ni tarehe ya usomaji:

```
=H2+(2000-F2)/G2
```

Hili ni kadirio. Umeme ukikatika sana mwezi ujao, jenereta litafanya kazi zaidi na tarehe itakuja mapema kuliko ulivyokadiria. Soma mita kila wiki, na wastani uwe wa siku 30 za mwisho, kwa sababu miezi haifanani. Na kama mita imewahi kubadilishwa, jobu kadi ya siku hiyo iingie kwenye faili ikiwa na usomaji wa mita ya zamani. Bila hiyo, muuzaji ana haki ya kukuuliza saa za mwanzo zilikwenda wapi.

Jobu kadi inasema "oili inavuja". Je, hilo ni dai?

Hapana. Ni kasoro iliyoonekana. Inakuwa dai pale muuzaji anapoarifiwa kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba. Kati ya hayo mawili kuna pengo, na pengo hilo ndilo kazi yako hasa.

Kwa hiyo kila kasoro ipe tarehe mbili: iliyoonekana na iliyoarifiwa. Kama ya pili haipo, acha wazi na weka alama nyekundu. Usijaze tarehe ya jobu kadi kwenye safu ya pili ili jedwali lipendeze.

Kwetu ilikuwa hivi. Tarehe 9 Julai 2024, fundi wa zamu ya usiku aliandika: "Sili ya shafti inavuja, imeongezwa oili lita 2." Kadi ikapelekwa stoo kwa ajili ya oili, ikaishia huko. Sili ikafa kabisa 3 Septemba, mashine ikasimama, samaki wakahamishiwa chumba kingine usiku kucha. Nilipompigia mwenzangu wa manunuzi, naye akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Kaka, si ina waranti mpaka Oktoba?" Tukapeleka dai 5 Septemba. Jibu lilikuja siku mbili baadaye: waranti iliisha 14 Agosti.

Tarehe 9 Julai ilikuwa ndani ya waranti. Tungeandika barua siku ile, au wiki ile, hakuna ambaye angekuwa na hoja ya tarehe.

Dai liwe na maelezo gani ili lisirudishwe?

Siriali namba ya mashine, saa za mita siku kasoro ilipoonekana, tarehe, picha, na kipimo. Kipimo ndicho kinachosahaulika. "Inavuja" si taarifa ya kutosha kwa kompresa ambayo shafti yake inatoka nje ya bodi kwenda kwenye mota, kwa sababu sili za aina hiyo zinaruhusiwa kutoa oili kidogo, na kitabu cha mtengenezaji hutaja kiasi. Ukiandika "inavuja" tu, watakujibu kwamba kuvuja kidogo ni kawaida, na watakuwa wamesema kweli. Weka chombo chini ya sili, hesabu saa moja, soma mililita. Sisi tulipopima kwa mara ya kwanza tulipata 40 kwa saa, na hapo mazungumzo yakabadilika.

Ambatanisha na rekodi za sevisi. Swali la kwanza la muuzaji kuhusu kitu chochote kinachozunguka litakuwa oili gani iliwekwa na ilibadilishwa lini. Kama rekodi hazipo, ujue hilo kabla hujatuma dai, usisubiri kulijua kutoka kwake.

Muuzaji anasema sili, mikanda na filta ni vitu vya kuchakaa, havina waranti. Ni kweli?

Mara nyingi ndivyo mkataba unavyosema, na ndiyo maana orodha ya visivyohusika inaingia kwenye jedwali. Lakini kuna tofauti kati ya sili iliyochakaa na sili iliyouawa na kitu kingine. Kama kaplingi ilifungwa bila kulinganishwa vizuri na fundi wa muuzaji, mtikisiko unaila sili kwa miezi michache, na kasoro inayodaiwa hapo ni ufungaji wake. Kwa hiyo kwenye safu ya kasoro andika kilichoharibika, na kwenye safu nyingine andika chanzo kinachoshukiwa. Ukivichanganya, dai la ufungaji mbovu litasomwa kama dai la sili, na litakataliwa kwa orodha ya vitu vya kuchakaa.

Majibu ya muuzaji niyaandikeje? Barua zao ni ndefu na hazieleweki.

Soma ukijiuliza jambo moja: amekubali kufanya nini, na kufikia lini? Nimeona barua za kurasa mbili ambazo jibu la swali hilo ni "hakuna".

Mimi hutumia hali hizi: amepokea, anaomba maelezo, amekubali, amekubali sehemu, amekataa, kwa hisani, kimya. "Tumepokea barua yenu na wataalamu wetu wanaifanyia kazi" ni *amepokea*, hata kama imeandikwa kwa heshima zote na kusainiwa na mkurugenzi. "Tutatuma fundi aangalie" nayo si kukubali. Fundi anaweza kuja, akaangalia, na wakakuletea ankara ya safari yake. Uliza kwa maandishi kabla hajapanda basi: akikuta kasoro ni yenu, nani analipa?

*Anaomba maelezo* ni hali ya kuichunga kuliko zote, kwa sababu mpira uko kwenu. Wameomba picha, au sampuli ya oili, au rekodi ya joto. Ombi linakaa kwenye barua pepe ya mtu aliyeko likizo, siku zinapita, na baadaye faili linaonyesha kwamba wao walijibu haraka na ninyi ndio mlionyamaza. Kila ombi lao lipewe jina la mtu wa kwenu na tarehe ya mwisho.

*Kwa hisani* ina ujanja wake. Muuzaji anaandika kwamba anatoa spea "bila kukiri wajibu" au "kwa kulinda uhusiano wetu mzuri". Spea inafika, watu wanafurahi, karani anaandika "dai limekubaliwa". Halikukubaliwa. Kasoro ileile ikirudi, hawafungwi na walichofanya mara ya kwanza.

*Kimya* nacho ni jibu la kurekodiwa. Nyaraka zilezile za Benki ya Dunia zinamruhusu mnunuzi, muuzaji akiarifiwa na asipotengeneza ndani ya muda uliowekwa kwenye mkataba, atengeneze mwenyewe kwa gharama ya muuzaji. Ila muda huo unahesabiwa tangu muuzaji alipopokea taarifa, na bila tarehe ya taarifa huna pa kuanzia kuhesabu.

Mstari mmoja wa dai letu, kama ulivyokaa kwenye jedwali:

```
mashine: KOMP-02
kasoro: sili ya shafti inavuja
chanzo: ulinganishaji wa kaplingi (inashukiwa)
iliyoonekana: 2024-07-09
iliyoarifiwa: 2024-09-05
jibu: 2024-09-07, amekataa
sababu: waranti iliisha 2024-08-14
ukurasa: barua pepe 31, aya 2
```

Mstari wa mwisho usiuache. Miezi sita baadaye mtu atauliza "Nani alisema hivyo?", na utataka kufungua ukurasa, si kukumbuka.

Ujumbe wa WhatsApp unahesabika kama taarifa?

Kama mkataba unasema barua au barua pepe kwa anwani fulani, usitegemee WhatsApp. Lakini pia usiitupe. Kwenye kisa chetu ndiyo iliyotuokoa kidogo. Tulipoanza kukusanya ushahidi, fundi wa usiku akasema, "Mzee, mbona mimi nilimtumia picha yule fundi wao?" Kweli, 11 Julai alikuwa amemtumia fundi wa muuzaji picha ya sili na maneno "inavuja hivi, ni kawaida?" Akajibiwa, "Endelea kuangalia."

Muuzaji alishikilia kwamba hiyo si taarifa rasmi, na kwa maandishi ya mkataba alikuwa na hoja. Hata hivyo, picha ilionyesha kwamba kasoro ilianza ndani ya waranti na mtu wake aliijua. Mwishowe walitoa sili mpya na kulinganisha kaplingi bila malipo. Safari na malazi ya fundi wao, pamoja na oili na amonia iliyopotea, tulibeba sisi.

Ukipata mazungumzo kama hayo, tumia sehemu ya kuhamisha mazungumzo kwenye simu ili upate faili lenye tarehe na saa. Picha ya skrini peke yake hukatwa juu, na tarehe huwa huko juu.

Spea iliyobadilishwa inapata waranti mpya?

Mkataba ndio unaosema. Kuna unaoipa spea kipindi kipya, na kuna unaoipa kile tu kilichobaki kwenye mashine. Kwenye jedwali, spea iliyobadilishwa iwe na mstari wake, tarehe yake na siriali yake kama inayo. Ukiiacha ndani ya mstari wa mashine, itaonekana imeisha siku mashine ilipoisha, hata kama ilifungwa wiki mbili kabla.

Tarehe inasema 03/05/2023. Ni Machi au Mei?

Usiamue kwa kuangalia nchi ya muuzaji. Tafuta karatasi nyingine ya muuzaji yuleyule yenye siku inayozidi 12. Ukiona 03/27, anaanza na mwezi. Kisha linganisha na mtiririko: mzigo hauwezi kupokelewa kabla ya kupakiwa. Kwenye jedwali lako andika mwaka-mwezi-siku, 2023-05-03, na ubishi unaishia hapo.

Siriali namba zilizosomwa na programu kutoka kwenye skani zihakikishe kwenye bati la mashine yenyewe. Sifuri na herufi O, 1 na I, 5 na S hubadilishana, na dai lenye siriali isiyokuwepo kwao linarudishwa bila kusomwa.

Waranti ikiisha, haki zote zimeisha?

Si lazima. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, ina masharti yake kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwa kazi iliyokusudiwa, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita katika nchi zote mbili. Mkataba wenyewe unaweza kuwa umebana haki hizo, kwa hiyo hilo ni la mwanasheria. La kwako ni kwamba faili lisichomwe waranti inapoisha.

Nianze kushughulika siku ngapi kabla ya mwisho?

Mimi naweka siku 60. Siku hiyo mashine inapangiwa ukaguzi kama ule wa kupokelewa: mtikisiko, uvujaji, joto la beringi, sampuli ya oili, na jobu kadi zote za tangu iwashwe zinasomwa moja moja kutafuta kasoro zisizoarifiwa. Wiki mbili za kukagua, wiki moja ya kuandika, na zinabaki siku za kutosha barua ifike na muuzaji atume mtu wakati bado ana wajibu.

Kwa KOMP-02, siku 60 kabla ya 14 Agosti ilikuwa 15 Juni. Sili ilikuwa bado haijaanza kuvuja, lakini kaplingi ilikuwa tayari haijakaa sawa, na kipima mtikisiko kilikuwa kwenye droo ya meza yangu.